Mstari Uliolazimishwa Kupita Sifuri

Mzazi mmoja hapa London amenionyesha barua ambayo mwanawe amemwandikia mwalimu wa fizikia. Kijana anauliza, kwa adabu zote, kwa nini amekatwa alama kwenye zoezi la pendulamu ilhali alihesabu mibembeo 20 kwa kila urefu, akarudia mara tatu, na hakulivuta tufe mbali. Ni kweli, hayo ameyafanya vizuri. Alama zimekatwa kwa haki.

Kosa liko kwenye rula. Nimeitazama grafu yake: T² wima, urefu wa uzi chini, kuanzia sentimita 20 hadi 100. Nukta tano zimenyooka vizuri, na ukizifuata kushuka zinakata mhimili wa wima kwenye 0.08. Kijana aliliona hilo, maana mstari wa kwanza wa penseli aliufuta na bado unaonekana. Kisha akaiweka rula kwenye sifuri akalazimisha mstari upite hapo, kwa kuwa fomula, T² = 4π²L/g, inaanzia sifuri. Nukta tatu za mwanzo zikabaki juu ya mstari, mbili za mwisho chini yake. Hapo ndipo angeshtuka.

Fomula haina kosa. Yeye alipima uzi mpaka kwenye fundo, na L ni mpaka katikati ya tufe. Kila urefu ulipungua kwa kiasi kilekile, hivyo mstari ukapanda wote bila mteremko kubadilika. Mstari alioufuta una mteremko wa 4.02, nao unatoa g ya 9.8. Aliouchora una 4.13, ukatoa 9.56. Tena, gawanya 0.08 kwa 4.02: unapata 0.02, yaani sentimita 2, umbali uleule kutoka fundo hadi katikati ya tufe ambao hakuupima.

Kwa g hiyo kuwa ndogo, kijana akasingizia upinzani wa hewa. Kisingizio hiki nimekipinga miaka mingi na sitachoka. Hewa hupunguza upana wa mbembeo. Muda wake hauguswi kiasi cha kuonekana kwenye saa ya kubonyeza.

Tatizo la kupima urefu si la kijana huyu peke yake. Mwaka 1817, katika nyumba moja ya Portland Place, hapahapa London, Kapteni Henry Kater alitafuta urefu wa pendulamu ya sekunde. Alijua kwamba shida ni kujua urefu unaishia wapi, kwa hiyo akatengeneza pendulamu inayopinduliwa, yenye makali mawili ya kuning'inizia. Muda ulipolingana pande zote mbili, alipima umbali kati ya makali hayo, na kutokana nao akapata urefu wa pendulamu ya sekunde: takriban inchi 39.14. Kater hakukisia katikati ya kitu chochote.

Mwalimu asibadilishe alama. Ampe kijana karatasi mpya ya grafu, achore upya kwa vipimo vilevile.