Kibao cha Swichi Kuu

Katika vinu vya Kisenyi, mtaa wa Kampala unaojulikana kwa kusaga mahindi, ufundi wa anayetafsiri kibao cha usalama hupimwa kwa mkono wa mfanyakazi mgeni, kwa kuwa tafsiri inayosomeka vizuri lakini ikaupeleka mkono huo pasipotakiwa imeshindwa. Lebo za mashine huja kwa Kiingereza, ilhali msomaji wake huenda ni kijana aliyetoka mashariki mwa Kongo, ambaye lugha anayoisoma kwa wepesi ni Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005.

Ugumu mkubwa umo katika maneno ya kufungia umeme, yaani utaratibu wa kuikatia mashine umeme kwenye swichi kuu, kuitia swichi hiyo kufuli ikiwa imezimwa, na kutundika kibao chenye jina la fundi, ili asitokee mtu wa kuiwasha wakati mwenziwe amefungua chumba cha nyundo abadilishe chekeche. Mfasiri mwenye haraka huandika "Funga mashine", naye huwa ametoa amri zaidi ya moja, kwani kufunga mashine ni kuisimamisha, na pia ni kuisimika mahali pake na kuikaza kwa bolti. "Zima mashine" nayo haitoshi: msomaji hubonyeza kitufe chekundu, mota ikanyamaza, lakini umeme ungali umefika hapo, na mpita njia yeyote aweza kuiwasha upya. Mfasiri hodari hutaja kifaa chenyewe, kwa mfuatano wa kazi:

"Simamisha mashine. Subiri nyundo ziache kuzunguka. Zima swichi kuu, itie kufuli lako, kaa na ufunguo. Bonyeza kitufe cha kuwashia: mashine isiwake. Ndipo ufungue."

Jaribio hilo la kubonyeza ndilo linaloachwa mara nyingi, pengine kwa kuonekana kichekesho, ingawa ndilo pekee linalomwonyesha fundi kwamba swichi aliyoizima ni ya mashine hiyo, si ya jirani yake.

Vifaa vya kujikinga vina msaada wa picha, kwani duara la bluu huamuru na duara jekundu lenye mstari hukataza. Hata hivyo, anayetafsiri bila kuijua mashine huongeza glavu kwenye orodha ya barakoa ya vumbi na vifunika masikio, asijue kwamba mkanda unaozunguka huinasa glavu na kuuvuta mkono pamoja nayo. Hapo maneno sahihi ni "Usivae glavu karibu na mkanda".

Kabla kibao hakijapigwa rangi, mgeni apewe maandishi hayo bila maelezo, umeme ukiwa umekatwa kwingine, aonyeshe atakachofanya. Akikimbilia kitufe chekundu na kuishia hapo, sentensi iandikwe upya.