Wanaoandika Kijitabu cha Misa

Katika misa ya ndoa kanisani Sainte-Famille, Kigali, huwapo shangazi Mwislamu kutoka Nyamirambo, Mpentekoste, na rafiki aliyetoka Dar es Salaam asiyejua Kinyarwanda. Wote hushika kijitabu kilichoandikwa na mtu asiyetajwa popote, na mtu huyo nadhani anatudai shukrani.

Maelekezo huyaweka kabla ya tendo, kwa sababu mgeni akisoma “simama” baada ya Injili kuanza, amekwisha kuchelewa. Haandiki “waumini wasimame”, kwa kuwa shangazi atajiuliza kama naye amo. Huandika: “Tunasimama kusikiliza Injili.” Jibu la Kinyarwanda hulichapa kwa herufi nzito, na maana yake kwa Kiswahili chini yake, ili mgeni atamke pamoja na wengine akijua anachosema.

Penye komunyo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Akinyamaza, mgeni atafuata mstari kwa adabu tu. Akiandika kwa ukali, atamfedhehesha. Hivyo huandika: “Wakatoliki waliojiandaa wanasogea kupokea komunyo. Wageni wetu wengine, karibuni mbaki mmeketi, mkisali kimyakimya mkipenda.” Kwanza humwonyesha padri sentensi hiyo, maana parokia hutofautiana: kwingine asiyepokea huweza kusogea, mikono imekunjwa kifuani, apate baraka.

Kisha huhesabu kurasa. Karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa nne, kwa hiyo wimbo ukiongezwa dakika za mwisho hupanga upya kijitabu kizima, asije akayakata maagano ya ndoa katikati.