Alama 47: kizingiti kilichochezewa Kolombia na jinsi tathmini ilivyonusuriwa

Sheria namba 100 ya mwaka 1993 iliiletea Kolombia mfumo mpya wa bima ya afya, pamoja na tawi la ruzuku kwa ajili ya maskini. Kujua nani ni maskini ilikuwa kazi ya mfumo ulioitwa SISBEN. Mdadisi alifika nyumbani na kujaza dodoso kuhusu kuta na sakafu, maji na umeme, vyombo vya ndani, elimu na kipato, kisha majibu yakageuzwa kwa kanuni kuwa alama kati ya 0 na 100. Alama ndogo ilimaanisha umaskini mkubwa. Mjini, kaya yenye alama 47 au chini yake ilistahili ruzuku, na iliyozidi hapo haikustahili.

Mtafiti anayetaka kujua kama bima hiyo ilisaidia hawezi kuwalinganisha wenye bima na wasio nayo hivi hivi, kwa kuwa wenye bima walichaguliwa kwa umaskini wao. Hapo ndipo mbinu ya regresheni ya kizingiti inapoingia. Kaya yenye alama 46.8 na yenye 47.3 hazitofautiani sana kimaisha, ila moja ina haki ya bima na nyingine haina. Mtafiti huchora mstari wa matokeo, kwa mfano gharama za matibabu, kwa kaya za kushoto mwa 47, na mstari mwingine kwa za kulia. Mistari ikikutana pale kwenye 47, bima haikubadili kitu. Ikiachana ghafla, pengo hilo ndilo athari ya bima.

Hoja hii yote inasimama juu ya sharti moja: kaya isiweze kujichagulia upande. Kupungua au kuongezeka kidogo kwa alama kwa bahati hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni mtu anayejua kizingiti kilipo na mwenye njia ya kuisogeza alama hadi pale anapopataka.

Adriana Camacho na Emily Conover walilichunguza sharti hilo katika kumbukumbu za SISBEN zenyewe, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Walianza na swali jepesi: ni kaya ngapi ziko kwenye kila alama, mwaka baada ya mwaka? Katika miaka ya mwanzo mchoro ulipita kwenye 47 bila kushtuka. Kisha kanuni ya kukokotoa alama ikawafikia maofisa wa manispaa, na tangu wakati huo kukatokea rundo la kaya upande wa chini wa 47 na upungufu wa ghafla upande wa juu. Umaskini wa nchi hauna sababu ya kubadilika ghafla kwenye alama moja, tena ile ile inayogawa ruzuku. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Jicho peke yake halitoshi kuamua, kwa hiyo tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Chukua manispaa yenye kaya 410 kati ya alama 46 na 47, na kaya 398 kati ya 47 na 48. Logarithi asilia ya uwiano wa 410 kwa 398 ni takriban 0.03. Kosa sanifu lake ni kipeuo cha pili cha 1/410 + 1/398, yaani takriban 0.07. Tofauti ni ndogo kuliko kosa lake, hivyo hakuna dalili ya mchezo. Miaka michache baadaye manispaa hiyo hiyo ina kaya 600 upande wa chini na 280 upande wa juu. Sasa logarithi ni 0.76 na kosa sanifu ni 0.07 tena. Tofauti inalizidi kosa lake zaidi ya mara kumi, na bahati haiwezi kuleta hilo.

Kipimo alichokipendekeza Justin McCrary mwaka 2008 kinafuata wazo hilo kwa uangalifu zaidi: kinakadiria mwelekeo wa msongamano wa kaya kila upande, kisha kinalinganisha makadirio mawili pale pale kwenye kizingiti, ili mteremko wa kawaida wa mchoro usihesabiwe kuwa udanganyifu. Kwenye Stata, toleo la kisasa linaitwa hivi:

```
rddensity alama, c(47)
```

Kipimo hiki kina mipaka yake. Wadadisi wakipenda namba zinazoishia na 0 au 5, marundo yatatokea kwenye 40, 45 na 50 bila ruzuku yoyote kuhusika, kwa hiyo kizingiti kilinganishwe na alama nyingine. Tena mchoro laini si hati ya usafi. Kaya 100 zikishushwa kwa upendeleo na 100 nyingine zikipandishwa kwa chuki, hesabu itabaki ile ile huku watu wakiwa wamebadilishana nafasi. Ndiyo maana hukaguliwa pia mambo ambayo bima haiwezi kuyabadili, kama umri na elimu ya mkuu wa kaya. Yakiruka kwenye kizingiti, pande mbili hazilinganishiki.

Camacho na Conover hawakuishia kwenye mchoro. Waliona rundo ni kubwa zaidi pale uchaguzi wa meya ulipokuwa na ushindani mkali, na kwamba mahojiano ya kaya yaliongezeka karibu na chaguzi. Wakakuta pia manispaa zenye dodoso nyingi za kipindi kimoja ambazo majibu yake karibu yote yanafanana. Takwimu zinaonyesha kwamba kizingiti kimechezewa, lakini ushahidi wa aina hii ndio unaoonyesha ni nani aliyekuwa na kalamu mkononi.

Je, tathmini ya bima imekufa? Kwa kutumia alama rasmi, ndiyo. Ikiwa walioshushwa ni wenye jamaa ofisini, nafuu waliyokuwa nayo tangu awali itahesabiwa kuwa tunda la bima. Ikiwa ni wagonjwa waliohurumiwa na mdadisi, bima itaonekana haifai. Kuziondoa kaya zilizo karibu kabisa na 47 hakutibu, kwa sababu hatujui kila kaya ilisogezwa kutoka umbali gani.

Grant Miller, Diana Pinto na Marcos Vera-Hernández walipita njia nyingine katika utafiti wao wa mwaka 2013. Waliiacha alama rasmi, wakachukua takwimu za utafiti wa kaya ambao haukugawa ruzuku, na kwa kanuni ya SISBEN wakakokotoa upya alama ambayo kila kaya ingestahili kupata. Aliyeandika majibu hayo hakuwa akiamua nani apate bima, kwa hiyo sababu ya kuyapindisha haikuwepo.

Njia hiyo ina gharama. Kaya yenye alama halisi 49 inaweza kuwa na bima kwa sababu kwenye faili inasomeka 46, hivyo kwenye alama ya kukokotoa uandikishaji hauruki kutoka sifuri hadi mia. Pengo la matokeo hugawanywa kwa pengo la uandikishaji. Uandikishaji ukipanda kwa pointi 25 za asilimia na huduma ya kinga kwa pointi 5, athari kwa aliyeandikishwa ni 5 kugawanya kwa 25, yaani pointi 20 za asilimia. Namba hizi nazo ni za mfano, lakini zinaonyesha hatari: pengo la uandikishaji likiwa dogo, kosa dogo katika pengo la matokeo linakuzwa mara nyingi. Na jibu linawahusu tu wale ambao bima yao ilifuata alama yao ya kweli. Walioingia kwa mkono wa ofisa hawamo.

Pamoja na mipaka hiyo, walipata jibu la kutumika: bima ilipunguza hatari ya familia kupata mzigo mkubwa wa gharama za matibabu, na iliongeza matumizi ya huduma za kinga. Kwa hiyo anayepewa tathmini ya kizingiti aisome kwa maswali matatu kabla ya kuamini pengo lolote: nani aliijua kanuni, aliijua lini, na nani aliyejaza dodoso. Jina la kipimo cha msongamano bila majibu hayo halitoshi.