Moto Hufungua, Mafuta Hubeba: Safari ya Likopeni Kutoka Kwenye Nyanya Hadi Kwenye Damu

Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti, tia nyanya zilizokatwakatwa, funika, kisha uangalie sufuria kwa makini. Mwanzoni ni maji ya nyanya tu yanayochemka, na mafuta huyaoni yalikokwenda. Maji yakipungua, nyanya hupondeka zikawa rojo, halafu mafuta yanaanza kujitenga pembeni. Yalimiminwa yakiwa na unjano hafifu. Sasa yamekolea rangi ya chungwa. Mpishi huchukua hiyo kuwa dalili kwamba nyanya zimeiva na nyama inaweza kufuata. Kwa mtu wa kemia ni dalili ya jambo jingine: likopeni, ile rangi inayoifanya nyanya iwe nyekundu, imetoka kwenye tunda na kuyeyuka ndani ya mafuta. (Anayetaka kujionea asitumie mawese, maana yana wekundu wake, na asitie binzari kwanza.)

Kuhama huko ndiko kunakoamua kama likopeni itaingia mwilini au itapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Likopeni ni molekuli ndefu, ina kaboni 40 na hidrojeni 56, na haiyeyuki kwenye maji hata kidogo. Nyanya nayo ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo tunda huihifadhi ikiwa kavu: ndani ya seli, katika vijumba vidogo viitwavyo kromoplasti, molekuli za likopeni hulaliana na kuwa fuwele. Hulaliana vizuri kwa sababu karibu zote zimenyooka, kama kuni zilizofungwa mtita. Fuwele hizo zimezungukwa na utando, na nje ya utando kuna ukuta wa seli wa selulosi na pektini. Meno huvunja seli kadhaa, lakini kipande cha nyanya kilichomezwa bado kina seli nyingi zisizoguswa, na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kumeng'enya selulosi.

Upande wa pili ni utumbo mwembamba. Ukuta wake umefunikwa na tabaka la maji, na chochote cha asili ya mafuta hakiwezi kulivuka peke yake. Nyongo hulivunja tone la mafuta likawa matone madogo, kisha chumvi zake, pamoja na mafuta yaliyomeng'enywa, hutengeneza chembe ndogo mno ziitwazo miseli. Chembe hizo ndizo huvuka zikiwa zimebeba vitamini A, D, E, K na ndugu yao likopeni. Fuwele ngumu haipandi kwenye miseli. Lazima kwanza iyeyuke kwenye tone la mafuta, na tone hilo liwepo tumboni wakati huo huo.

Basi tuna washukiwa wawili, moto na mafuta, na swali ni nani anafanya nini. Hapo ndipo majaribio yanapovutia, kwa sababu jaribio la kwanza lililojulikana sana halikuweza kulijibu. Mwaka 1992 Wilhelm Stahl na Helmut Sies wa Düsseldorf, Ujerumani, waliwapa watu juisi ya nyanya iliyochemshwa kwa saa nzima pamoja na mafuta ya mahindi asilimia 1. Likopeni katika damu ilipanda, na kilele kilionekana kati ya saa 24 na 48 baadaye. Juisi ambayo haikuchemshwa haikupandisha kitu. Matokeo yalikuwa wazi, lakini juisi iliyofaulu ilikuwa imepata moto na mafuta kwa pamoja. Ukitaka kumsifu mmoja, huna ushahidi wa kumwondoa mwenzake.

Jaribio la 1997 kutoka maabara hiyo hiyo, likiongozwa na Christine Gärtner, lilipangwa kwa ujanja zaidi. Watu watano walikula nyanya mbichi, na siku nyingine nyanya ya kopo. Kila mlo ulipimwa uwe na likopeni miligramu 23, na kila mlo uliliwa na gramu 15 za mafuta ya mahindi, yaani kijiko kikubwa kimoja na ziada kidogo. Likopeni sawa, mafuta sawa. Kilichobaki kutofautiana ni namna nyanya ilivyoandaliwa.

Hata mahali pa kupima palichaguliwa kwa hesabu. Damu ya mtu yeyote anayekula nyanya ina likopeni ya siku zilizopita, na hiyo hukaa humo kwa siku kadhaa, kwa hiyo ongezeko dogo la mlo mmoja humezwa na akiba ya zamani. Watafiti wakaiacha akiba hiyo, wakatenganisha kwenye damu kailomikroni, ambazo ni vifurushi vya mafuta vinavyotengenezwa na utumbo baada ya kula na kupelekwa kwenye damu kupitia njia ya limfu. Likopeni iliyomo humo ni ya mlo wa leo. Nyanya ya kopo ilitoa kilele kilichozidi cha nyanya mbichi mara 2.5, na ukijumlisha likopeni yote iliyopita katika muda wa kupima, ilizidi mara 3.8.

Hapo tunajua kwamba hata mafuta yakiwepo pande zote mbili, nyanya iliyoandaliwa hushinda kwa mbali. Nasema iliyoandaliwa kwa makusudi, kwa sababu nyanya ya kopo haikupikwa tu, imesagwa pia na kupunguzwa maji. Sehemu ya ushindi huo ni ya kinu, na jaribio halikukusudia kukitenganisha na moto.

Mafuta nayo yalipimwa peke yake na watu wengine. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walilisha makundi mawili nyanya zilizopikwa kwa siku tano. Kundi moja zilipikwa na mafuta ya zeituni, jingine bila. Kwa waliopata mafuta, likopeni iliyonyooka katika damu ilipanda kwa asilimia 82. Kwa wasiopata, hapakuwa na mabadiliko ya kuaminika. Mwaka mmoja kabla, Marekani, watu walikula saladi ya mboga mbichi zikiwemo nyanya, ikiwa na sosi isiyo na mafuta, yenye gramu 6 za mafuta, au yenye gramu 28. Bila mafuta, karibu hakuna likopeni iliyoonekana kwenye kailomikroni. Kwa gramu 6 ilianza kuonekana, na kwa gramu 28 ikaongezeka.

Ukiyaweka majaribio haya pamoja, washukiwa hawafanani uzito. Mafuta ni sharti: yakikosekana, kupika kunakusaidia kidogo sana. Moto ni kuzidisha: mafuta yakiwepo, unaongeza kiasi cha likopeni kinachofika pale yanapoweza kuibeba. Ninaona watu wengi wameligeuza jambo hili, wakahimizana kupika nyanya na kunyamaza kuhusu mafuta.

Kazi ya moto yenyewe mara nyingi huelezwa vibaya. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walipasha nyanya kwa nyuzi 88 za Selsiasi. Baada ya dakika 2 likopeni iliyopimika ilizidi ile ya nyanya mbichi kwa asilimia 54, baada ya dakika 15 kwa 171, na baada ya dakika 30 kwa 164. Kuna waliosoma hapo kwamba kupika huongeza likopeni. Hapana. Nyanya iliyo kwenye sufuria haitengenezi likopeni mpya. Kilichoongezeka ni ile inayokubali kutoka unapoichuja kwa kemikali, kwa kuwa pektini imelegea na tando zimepasuka. Ona pia kwamba dakika 15 za mwisho hazikuongeza kitu.

Kuna kazi ya pili ya moto, na hiyo inahitaji mafuta yawe kwenye sufuria yenyewe, si kwenye sahani tu. Zikiwa peke yake, fuwele za likopeni huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 170, na mchuzi wenye maji hauvuki 100 au zaidi kidogo. Kwa hiyo moto peke yake hauzigusi sana. Ila zikishayeyuka kwenye mafuta ya moto, molekuli zinakuwa huru, na baadhi zinapinda kwenye vifungo vyake vya kati. Zilizopinda hazilaliani tena kirahisi kuwa fuwele, na hukaa vizuri zaidi kwenye miseli. Kwenye nyanya mbichi likopeni iliyonyooka ni zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi; kwenye damu ya binadamu, nusu au zaidi imepinda.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo ulikuja 2015 kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Walitumia aina ya nyanya ya rangi ya chungwa ambayo likopeni yake imepinda tangu shambani. Likopeni ya juisi ya nyanya hiyo ilifyonzwa mara 8.5 ya ile ya juisi ya nyanya nyekundu za kawaida. Zote mbili zilikuwa juisi. Umbo la molekuli ndilo lililotofautiana.

Sasa turudi jikoni na vipimo. Nusu kilo ya nyanya zilizoiva vizuri, kwa wastani wa miligramu 3 hivi kwa kila gramu 100, ina likopeni kama miligramu 15. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ni kama gramu 27. Mchuzi ukigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anapata karibu gramu 7 za mafuta, yaani juu kidogo ya zile 6 zilizotosha kuonekana kwenye damu katika jaribio la saladi. Hakuna haja ya mchuzi kuogelea. Kwaruza nyanya au zisage, kwa sababu kila seli unayoivunja kwa mkono huihitajii tena moto. Tia chumvi mapema zitoe maji, funika kwa moto wa wastani, na ukiona maganda yamejikunja na kuachana na nyama, funua maji yapungue. Mafuta yakijitenga na kukolea rangi, kazi imekwisha. Ukiacha ikauke kwa moto mkali, rojo hushika chini na wekundu hugeuka hudhurungi. Hapo likopeni inaungua. Na anayependa kuyaengua mafuta ya juu kabla ya kupakua ajue ameengua pamoja nayo likopeni iliyokwisha kuyeyuka. Afadhali angemimina machache tangu mwanzo.

Chukuchuku ni habari nyingine. Nyanya zimeiva, seli zimefunguka, ila mafuta ni yale tu aliyokuja nayo samaki. Samaki mnono atasaidia. Samaki mkavu asiye na mafuta atakuachia likopeni nyingi isiyo na wa kuibeba. Tui la nazi linahesabiwa kuwa mafuta, hata likitiwa mwishoni.

Kachumbari haikosi kazi yake: katika vipimo vile vya Cornell, dakika 30 za moto zilipunguza vitamini C kwa asilimia 29, na nyanya mbichi inabaki nayo yote. Kuhusu likopeni, inategemea imeliwa na nini. Mafuta hayalazimiki kuwa ndani ya kachumbari yenyewe, ilimradi yakutane nayo tumboni. Aliyeila na pilau ya samli amepata sehemu yake, ndogo kuliko ya mchuzi. Aliyeila na ugali na mchicha wa kuchemsha amepata vitamini C, na likopeni karibu yote imempita.