Kuhamisha zoni ya DNS bila kuacha rekodi nyuma

Kikoa kinapohamishwa kwa mtoa huduma mwingine wa DNS, tovuti ndiyo inayotazamwa kwanza, na mara nyingi inafunguka bila shida. Kinachopotea hujulikana baadaye, pale ankara za wateja zinapoanza kuangukia kwenye taka za barua pepe. Tuchukue mfano wa duka lenye kikoa duka.example. Lina tovuti, lina barua pepe, na ankara zake hutumwa na kampuni nyingine inayotia saini ya DKIM kwa jina s1._domainkey.duka.example.

Watoa huduma wengi hukupa kitufe cha kuchanganua kikoa na kujaza rekodi zenyewe. Kitufe hicho kinabahatisha. Seva ya DNS hujibu jina lililoulizwa tu, kwa hiyo mchanganuzi hubisha hodi akiita majina yaliyozoeleka, kama www, mail na ftp, na asiyeitwa haitikii. Jina s1._domainkey halimo katika orodha ya kila mchanganuzi. Ipo njia ya kuomba zoni nzima kwa mkupuo, iitwayo AXFR, lakini seva nyingi huifunga kwa watu wa nje. Ndiyo maana chanzo cha kuaminika ni faili la zoni unalolitoa kwenye akaunti ya zamani. Muundo wake umeelezwa katika RFC 1035 ya mwaka 1987, na karibu kila mtoa huduma anausoma.

Hata hivyo, faili kuingia bila malalamiko hakumaanishi kwamba limeingia sawasawa. Kosa linalojirudia ni la nukta moja:

```
$ORIGIN duka.example.
@  3600 IN MX 10 barua.duka.example
```

Jina lisiloishia kwa nukta huongezewa jina la zoni mwishoni. Kwa hiyo mstari huu unapeleka barua kwa barua.duka.example.duka.example, seva ambayo haipo. Baadhi ya watoa huduma hulitia nukta wenyewe, wengine hufuata kanuni neno kwa neno, na skrini ya kuingizia haikwambii uko kwa nani.

Yapo pia mambo ambayo faili haliwezi kuyabeba. Rekodi ya ALIAS kwenye mzizi wa kikoa si rekodi ya kawaida ya DNS. Katika faili inaweza kutoonekana kabisa, au kuonekana kama anwani za IP za siku ile, ambazo zikibadilika kesho hakuna wa kuzisasisha. Vivyo hivyo, kuelekeza anwani moja ya wavuti kwenda nyingine ni huduma ya mtoa huduma wa zamani, nayo utaijenga upya kwa mkono.

Kwa hiyo hakiki kabla ya kugusa chochote kwa msajili. Seva mpya huanza kujibu mara zoni inapoingizwa, hata kama dunia bado inauliza za zamani. Toa majina kamili na aina za rekodi kutoka kwenye faili, ukiacha SOA na NS za mzizi kwa sababu hizo lazima zitofautiane. Ziweke katika orodha.txt, rekodi moja kila mstari, kisha uliza seva zote mbili swali lilelile:

```
while read jina aina; do
  diff <(dig @ns1.zamani.example $jina $aina +short | sort) \
       <(dig @ns1.mpya.example $jina $aina +short | sort) \
  || echo "TOFAUTI: $jina $aina"
done < orodha.txt
```

Kwa duka letu, kama mtoa huduma mpya anafuata kanuni neno kwa neno, mstari wa MX utajitokeza hapa kwa sababu ya ile nukta. Ukimya nao una mipaka yake: seva zote mbili zikirudisha jibu tupu, diff haioni tofauti, kumbe jina limeandikwa vibaya katika orodha. Hesabu pia majibu matupu.

Yote yakilingana, angalia kama kikoa kina DNSSEC. Rekodi ya DS iko kwa mzazi wa kikoa, haimo katika faili lako, na inathibitisha ufunguo wa zamani. Ukibadilisha seva ilhali DS ingali pale, wakaguzi wa saini watayakataa majibu yote, hata yaliyo sahihi. Njia rahisi ni kuiondoa kwa msajili, kusubiri TTL yake iishe, ndipo ubadilishe seva.

Baada ya hapo usiifute zoni ya zamani. Kwa vikoa vya .com, mzazi hutoa NS zenye TTL ya sekunde 172800, yaani siku 2, na katika muda huo wako watakaoendelea kuuliza kule kwa zamani. Rekodi yoyote utakayoibadilisha ndani ya siku hizo ibadilishe pande zote mbili.