Neno Andante na Mwendo wa Wimbo: Uhakiki kwa Mfano wa Kwaya ya Nyamongo

Maneno ya mwendo yaandikwayo juu ya nota aghalabu husomwa kana kwamba ni vipimo: alegro ni haraka, andante ni polepole. Usomaji huo una kasoro. Alegro hutaja uchangamfu, na andante imetokana na kitenzi cha Kiitalia chenye maana ya kwenda. Hata Beethoven, mwaka 1813, alimwomba mchapishaji George Thomson abainishe iwapo andantino ni ya kasi zaidi ya andante au la.

Tuchukulie kwaya ya Nyamongo imepewa wimbo wa vipande 32, kila kimoja mapigo manne, wenye neno andante pekee. Mwalimu anayesoma "polepole" hupiga mapigo 64 kwa dakika, na wimbo huchukua dakika 2. Anayesoma "mwendo wa kutembea" hupiga 96, nao humalizika kwa sekunde 80. Sentensi ya vipande vinne hudai pumzi ya sekunde 15 kwa wa kwanza, sekunde 10 kwa wa pili. Waimbaji wakivuta pumzi katikati ya neno, mwendo umezidi uwezo wao. Silabi fupi zikimezana, kasi imepita kiasi.

Kwa hiyo tofauti ya waongozaji si uzembe. Neno hutoa tabia ya mwendo. Pumzi, matini na mwangwi wa jengo ndivyo huamua kasi. Mtunzi anayetaka kasi moja hana budi kuandika idadi ya mapigo.