Nukta Moja ya Bukavu

Sura ya ramani niliyokuwa nikiifupisha ilianza na skeli, ikafuata projekisheni, koordineti zikaja mwisho. Kwa wanafunzi wa Bukavu niliipindua. Mtu hukutana na namba za GPS kwenye simu kabla hajashika ramani ya karatasi, kwa hiyo nilichukua nukta moja ya katikati ya mji na kuifuata mpaka mwisho. Orodha ndefu ya aina za projekisheni niliitupa.

Nukta yenyewe iko latitudo 2°30′36″ Kusini, longitudo 28°51′36″ Mashariki. Dakika ni sehemu ya sitini ya nyuzi, na sekunde ni sehemu ya sitini ya dakika:

```
28 + 51/60 + 36/3600 = 28.86
 2 + 30/60 + 36/3600 =  2.51
```

Kusini mwa ikweta latitudo huandikwa na alama ya kutoa: -2.51. Kosa la kawaida ni kuandika 28.51 na -2.30, yaani kuzigeuza dakika kuwa desimali bila kugawanya. Utaligundua haraka, maana mji utahamia ng'ambo ya Mlima Kahuzi, upande wa magharibi.

Nyuzi hazipimiki kwa rula, ndipo projekisheni inapohitajika. Mfumo wa UTM unaigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi 6. Bukavu imo kanda ya 35 Kusini, kati ya nyuzi 24 na 30, na mstari wake wa kati ni nyuzi 27. Tuko nyuzi 1.86 mashariki ya mstari huo. Hapa kwetu nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 111.2, hivyo umbali ni karibu kilomita 207. Mstari wa kati umepewa namba 500,000 ili pasiwepo hesabu hasi, kwa hiyo koordineti yetu ya mashariki ni karibu mita 707,000.

Hapa ndipo niliposimama muda mrefu zaidi, kwa sababu Kigali imevuka nyuzi 30, iko kanda ya 36. Faili lililoandaliwa kwa kanda ya 35 (EPSG:32735) likifunguliwa kama kanda ya 36 (EPSG:32736), namba hazibadiliki hata moja, lakini nukta inasogea nyuzi 6 mashariki. Bukavu inaangukia Serengeti, karibu na Seronera. Namba 707,000 bila jina la kanda haijataja mahali.

Skeli ilibaki fupi. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 4 ni mita 2,000. Lakini ukiipunguza kwa fotokopi kutoka A3 hadi A4, kwa asilimia 71, maandishi bado yatasema 1:50,000 wakati skeli halisi imekuwa karibu 1:70,400. Sentimita 4 zikipimwa kwenye nakala hiyo sasa ni kilomita 2.8. Mstari wa skeli uliochorwa pembeni hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo pima kwa huo.